Leseni ipo shambani kwetu, lakini mwenyewe ni nani?

*“Kaka, tuko Misungwi. Mzee wetu alituachia shamba la ekari kumi na mbili. Mwezi uliopita walikuja watu na gari, wakapima kwa GPS na kuweka alama, wakasema kampuni yao ina leseni ya madini hapa na wanataka tusaini karatasi ya ridhaa. Walituonyesha kopi ya cheti cha BRELA. Mdogo wangu akatafuta kwenye ramani ya leseni mtandaoni, akakuta jina la kampuni nyingine kabisa. Tunaambiwa tukichelewa tutaondolewa bila kitu. Nitajuaje leseni ni ya nani kweli, na nyuma ya hiyo kampuni kuna nani?”*

Dada, kwanza msisaini. Tofauti ya majina mliyoiona inaweza kuwa na maelezo halali, na inaweza pia kuwa utapeli. Kuna njia ya kutofautisha, na sehemu kubwa mtaifanya wenyewe kwa simu na muda kidogo.

Nianze na ile kopi ya BRELA, kwa sababu huwatuliza watu pasipostahili. Cheti cha BRELA kinathibitisha jambo moja tu: kwamba kampuni yenye jina hilo imesajiliwa. Hakisemi lolote kuhusu madini. Leseni ya madini hutolewa na Tume ya Madini, taasisi iliyoundwa baada ya marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, na ina namba yake, mipaka yake na tarehe zake. Kwa hiyo mmeonyeshwa nusu ya ushahidi. Nusu iliyobaki ni karatasi ya leseni yenyewe, na mwenye leseni halali hana sababu ya kuificha. Namba yake huanza na herufi za aina ya leseni: PL ni utafutaji wa madini, PML ni uchimbaji mdogo, ML ni uchimbaji wa kati, SML ni uchimbaji mkubwa. Waombeni hiyo namba. Wakisitasita kuitoa, hilo nalo liandikeni.

Wasiwasi wa kuondolewa bila kitu nao haulingani na sheria. Leseni inampa mtu haki juu ya madini, ambayo ni mali ya umma, haimpi shamba lenu. Kuingia kwenye eneo lililo ndani ya mita 200 kutoka nyumba inayokaliwa, au kwenye ardhi iliyolimwa au yenye mazao, kuna masharti yake ya idhini, na uharibifu hulipwa fidia. Ndiyo maana wanahitaji saini zenu. Kama wangekuwa na haki ya kuingia tu, wasingekuja na karatasi.

Sasa turudi kwenye ramani. Kadasta ya leseni ya Tume ya Madini, ambayo njia yake mtaipata kupitia tovuti ya tumemadini.go.tz, ni daftari lililochorwa juu ya picha ya nchi. Kila umbo mnaloliona ni leseni au ombi la leseni, na ukiligusa linafungua maelezo: namba, aina, jina la mwenye leseni na asilimia yake, hali ya leseni, tarehe ya kuomba, tarehe ya kutolewa, tarehe ya kuisha, madini na ukubwa wa eneo. Kabla ya kulisoma jina, hakikisheni mmegusa umbo sahihi. Hapa ndipo watu wengi wa huku kwetu wanapopotea, na inawezekana mdogo wako naye amepotea hapohapo.

Sababu ni mfumo wa vipimo. Leseni za Tanzania kwa kawaida huandikwa pembe zake kwa mfumo wa zamani uitwao Arc 1960, wakati simu yako na ramani za Google zinatumia WGS84. Mifumo hii miwili hutoa namba tofauti kwa sehemu ileile ya ardhi, na kwa upande wa Misungwi tofauti inakaribia mita 300, sehemu kubwa ikiwa ya kaskazini na kusini. Chukua mfano wa nukta moja ambayo simu inaisoma nyuzi 2, dakika 51, sekunde 0 kusini, na nyuzi 33, dakika 5, sekunde 0 mashariki. Kwenye karatasi ya leseni ya Arc 1960, nukta hiyohiyo itaandikwa takribani nyuzi 2, dakika 50, sekunde 51 kusini, na nyuzi 33, dakika 4, sekunde 57 mashariki. Sekunde tisa kwa upande mmoja na tatu kwa upande mwingine zinaonekana kitu kidogo. Lakini leseni ndogo ya dhahabu ya hekta 10 ina upana wa kama mita 316 tu ikiwa mraba. Ukikosea mfumo, unaruka karibu leseni nzima na kusoma jina la jirani.

Kwa hiyo, mkitafuta kwa macho juu ya picha ya setilaiti iliyomo ndani ya kadasta yenyewe, mkaufuata mto, barabara na paa la nyumba yenu hadi shambani, mko salama, kwa sababu mfumo umeshafanya ubadilishaji. Kosa huingia pale mnapochukua pembe zilizoandikwa kwenye karatasi ya leseni na kuzipiga kwenye Google, au mnaposoma simu na kulinganisha na karatasi. GPS nyingi za mkononi wanazotumia wapimaji zina sehemu ya kuchagua Arc 1960. Kwa simu ya kawaida, fanyeni hesabu ya sekunde kama nilivyoonyesha mpate makadirio, kisha mpeni mpima ardhi athibitishe. Kumbukeni pia kwamba leseni mbili zinaweza kuonekana kama zimelaliana. Mara nyingi moja ni leseni hai na nyingine ni ombi tu, au ni leseni iliyokwisha ambayo bado imeachwa ionekane.

Hilo linatuleta kwenye hali ya leseni, ambayo inastahili kusomwa kabla ya jina. Kwenye skrini, `Active` ni leseni hai. `Application` ni ombi, na mwombaji hana haki yoyote ya kuchimba wala kutafuta. Ana nafasi yake kwenye foleni tu. Nimeona familia zikipokea malipo ya awali kutoka kwa mtu aliyekuwa na ombi pekee, na ombi likakataliwa, na mkataba ukabaki karatasi. Angalieni pia tarehe ya kuisha. PL hutolewa kwanza kwa miaka 4, kisha inaweza kuhuishwa. Tarehe ikiwa imepita na bado skrini inasema hai, huenda maombi ya kuhuisha yanashughulikiwa, na hapo ni Afisa Madini Mkazi wa kuwajibu, si ramani.

Sasa jina. Nitalipitisha swali lenu kwenye mfano mmoja, nikiita kampuni ya kwenye ramani Kampuni A na ile iliyokuja shambani Kampuni B.

Tuseme kadasta inasema leseni ni PL, imeombwa Machi 2019, imetolewa Novemba 2019, na wenye leseni ni wawili: Kampuni A asilimia 60 na mtu binafsi asilimia 40. Msiruke hiyo asilimia 40. Leseni inaweza kuwa na wenye zaidi ya mmoja, na makubaliano yaliyosainiwa na mmoja wao tu yanaweza kuja kupingwa na mwenzake.

Hatua inayofuata ni mfumo wa usajili wa BRELA, ors.brela.go.tz, ambako unaweza kutafuta kampuni kwa jina au kwa namba ya usajili. Ugumu ni kwamba kadasta kwa kawaida inakupa jina bila namba ya usajili wa kampuni, kwa hiyo unaunganisha madaftari mawili kwa kamba nyembamba ya herufi. Jina moja linaweza kuandikwa na (T), na Tanzania, na Ltd, na Limited, au kwa kosa la herufi moja alilolifanya mtu aliyekuwa akiingiza kumbukumbu. Tafuteni kwa neno lile la kipekee katika jina, msiweke mkia. Mkipata kampuni tatu zinazofanana, msichague kwa kubahatisha. Kuna kipimo.

Kipimo chenyewe ni tarehe. Kampuni haiwezi kuomba leseni kabla haijazaliwa. Leseni yetu ya mfano iliombwa Machi 2019. Ikiwa mnayoiona BRELA imesajiliwa 2014, inaweza kuwa yenyewe. Ikiwa Kampuni B, iliyokuja na cheti, imesajiliwa 2023, basi si yenyewe iliyoomba leseni hii, hata kama jina lake linafanana na la A kama mapacha. Kipimo hiki kinachukua dakika moja, na kwa uzoefu wangu ndicho kinachofungua kesi nyingi kuliko kingine chochote.

Ila msikimbilie kusema B ni matapeli. Zipo njia nne za B kuwa shambani kwenu, na kila moja ina karatasi yake. Ya kwanza ni kwamba A ilibadili jina na kuwa B. Hapo namba ya usajili na tarehe ya kuzaliwa kwa kampuni hubaki zilezile, na kipo cheti cha kubadili jina. Katika mfano wetu hili haliwezekani, kwa sababu tarehe ni tofauti. Ya pili ni kwamba leseni imehamishwa kutoka A kwenda B. Uhamisho wa leseni lazima uandikishwe Tume ya Madini, na ukishaandikishwa kadasta hubadilika. Kama bado inasoma A, B hana leseni mpaka uandikishwe, hata kama ana mkataba wa mauziano mfukoni. Ya tatu ni kwamba B ni mkandarasi au wakala wa A. Hapo anapaswa kuwa na barua ya A inayotaja namba ya leseni, na karatasi ya ridhaa inapaswa kumtaja A kama mhusika. Ya nne ni kwamba B hana uhusiano wowote na A, na ameiona ramani ileile mliyoiona ninyi.

Kuzitenganisha njia hizi, ombeni BRELA taarifa rasmi ya kampuni zote mbili. Kutafuta jina ni bure, lakini taarifa rasmi ya upekuzi ina ada yake, na ndiyo inayoonyesha wakurugenzi, wanahisa na idadi ya hisa zao. Mkikuta mkurugenzi mmoja yumo A na B, au A ni mwanahisa wa B, uhusiano upo. Anuani ya posta peke yake msiitegemee, kwa sababu ofisi moja ya mawakili jijini Mwanza au Dar es Salaam inaweza kutumika kama anuani ya makampuni mengi yasiyojuana. Na majina ya watu pia yanarudiwa. Huku Usukumani nani asiyewajua watu watatu wenye jina moja na la baba moja? Jina la mkurugenzi ni dalili. Linakuwa ushahidi pale linapoambatana na saini, namba ya utambulisho au cheo kinachojitokeza katika nyaraka mbili.

Mkifika kwa wanahisa, mtaona kwa nini hata kadasta sahihi kabisa inaweza isiwaambie nani yuko nyuma. Mfano uko ng'ambo tu, ukivuka daraja la Kigongo–Busisi kuelekea Sengerema. Mradi wa dhahabu wa Nyanzaga ulishikiliwa kwanza kwa leseni ya utafutaji chini ya Nyanzaga Mining Company. Kampuni ya OreCorp ya Australia iliingia kama mbia wa kampuni ya dhahabu ya Acacia, kisha ikauchukua mradi. Desemba 2021 kulisainiwa makubaliano na Serikali, na leseni kubwa ya uchimbaji ikatolewa kwa Sotta Mining Corporation, kampuni mpya ambayo wakati huo Serikali ilikuwa na asilimia 16 na OreCorp asilimia 84. Mwaka 2024 kampuni nyingine ya Australia, Perseus Mining, ikainunua OreCorp yenyewe.

Angalieni kilichotokea hapo, dada. Mwaka 2021 mabadiliko yalionekana kwenye daftari la leseni, kwa sababu leseni mpya ilitolewa kwa jina jipya. Mwaka 2024 mwenye mamlaka ya mwisho alibadilika, na jina la mwenye leseni halikubadilika hata herufi, kwa sababu kilichouzwa ni hisa za kampuni mama huko Australia. Leseni ilibaki ya Sotta. Aliyekuwa akiangalia kadasta peke yake asingejua kitu. Aliyesoma matangazo ya soko la hisa la Australia alijua siku hiyohiyo, kwa sababu kampuni zilizoorodheshwa sokoni hulazimika kutangaza, na matangazo hayo ni bure kusoma.

Kwa hiyo mwanahisa akiwa kampuni ya nje, mnafuata njia hadi kwenye daftari la nchi yake. Uingereza daftari la makampuni liko wazi bure, pamoja na majina ya wenye usemi mkubwa katika kampuni. Kampuni zilizo sokoni Australia, Kanada au London hutoa ripoti za mwaka zenye orodha ya kampuni tanzu na leseni zao. Tafuteni humo namba ya leseni yenu badala ya jina, maana namba haibadilishwi tahajia. Mkigonga nchi kama Visiwa vya Virgin vya Uingereza, njia ya mtandaoni huishia hapo. Sheria yetu tangu 2020 inazitaka kampuni zitaje wamiliki manufaa kwa BRELA, yaani watu wa damu na nyama wanaofaidi mwishoni, lakini daftari hilo si la kila mtu kufungua kama anavyofungua ramani. TEITI, inayofanya kazi chini ya sheria ya uwazi katika uziduaji ya mwaka 2015, huchapisha ripoti zinazogusa malipo na umiliki, ila zaidi ni za kampuni kubwa. Kwa PL changa ya Misungwi msitarajie kuiona humo.

Mkikuta leseni yenu si PL bali PML, mambo yanakaa tofauti. PML ni ya Watanzania peke yao: mtu binafsi, kikundi, au kampuni ambayo wanachama na wakurugenzi wake wote ni Watanzania. Mara nyingi kadasta itawapa jina la mtu, na BRELA haitawasaidia kitu. Lakini mwenye mitambo anaweza kuwa mwingine, tena mgeni, aliyeingia kwa mkataba wa msaada wa kiufundi. Mkataba wa namna hiyo unapaswa kujulikana na Tume. Ulizeni kama upo, na ulizeni umeidhinishwa lini. Mwenye ekskaveta shambani kwenu ambaye jina lake halipo kwenye leseni wala kwenye mkataba ulioidhinishwa hana la kuwasainisha.

Kwa wasomaji walioniuliza pembeni kuhusu mafuta na gesi, njia hii haifai kama ilivyo. Chini ya Sheria ya Petroli ya 2015 leseni hukaa kwa TPDC, shirika la petroli la taifa, na kampuni huingia kwa mkataba wa kugawana uzalishaji. Huko mnatafuta mkataba na mbia, na msimamizi wa kuulizwa ni PURA.

Turudi kwenu. Mtandao una mipaka miwili mnayopaswa kuijua. Ramani inaweza kuchelewa nyuma ya daftari halisi, hasa leseni inapokuwa katika kuhuishwa au kuhamishwa. Na picha ya skrini peke yake inaweza isitoshe mbele ya Baraza la Ardhi au mahakama. Kwa sababu hizo mbili, mkishamaliza kazi ya mtandaoni nendeni ofisi ya Afisa Madini Mkazi, Mwanza. Mchukue namba ya leseni, pembe za shamba lenu zikiwa zimeandikwa pamoja na jina la mfumo mliotumia, kopi ya ile karatasi ya ridhaa na kopi ya cheti walichowaachia. Ombeni kwa maandishi mthibitishiwe mambo matatu: mwenye leseni kwa tarehe ya leo, kama kuna ombi la uhamisho lililopokelewa, na kama shamba lenu limo ndani ya mipaka. Ombeni muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Mwenyekiti wa kijiji naye apewe nakala, kwa sababu mwenye leseni anapaswa kujitambulisha kijijini kabla ya kuanza kazi, na kijiji kikisema hakijamwona mtu, hilo ni jambo la kuandikwa.

Wakili mtafuteni mapema kama lolote kati ya haya litajitokeza: mmoja wa ndugu zenu ameshasaini, karatasi inataja kuuza au kuhamisha ardhi badala ya ridhaa ya kuingia, mirathi ya mzee haijafunguliwa na hakuna msimamizi aliyeteuliwa, au wamekwisha kuanza kuchimba. Suala la mirathi naomba mlipe uzito wa pekee. Kampuni yenye wanasheria wazuri itauliza msimamizi wa mirathi ni nani, na isiyouliza inafurahia kusaini na ndugu yeyote itakayemkuta nyumbani. Na fidia ikifikiwa, bei isitoke kinywani mwa mwenye leseni. Afanye mthamini aliyesajiliwa, na ripoti yake ipitie kwa Mthamini Mkuu wa Serikali, mkiwa na orodha yenu wenyewe ya miti, mazao, makaburi na visima mliyoiandaa na kuipiga picha kabla hajafika.